Sura ya Kitabu Iliyoingizwa kama Makala ya Jarida

Anayeandika kuhusu ukoloni Afrika Mashariki ni nadra amkwepe Terence Ranger na sura yake "The Invention of Tradition in Colonial Africa". Imo katika kitabu The Invention of Tradition, alichokihariri pamoja na Eric Hobsbawm na kuchapishwa na Cambridge University Press mwaka 1983, ukurasa wa 211 hadi 262. Sasa tuseme mwanafunzi ameihifadhi kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, na ikaingia kama makala ya jarida. Orodha yake ya marejeo kwa mtindo wa APA itatoka hivi:

```
Ranger, T. (1983). The Invention of Tradition in Colonial Africa. The Invention of Tradition, 211–262.
```

Kwa haraka haraka, mstari huu hauna kasoro. Lakini wahariri hawapo, mchapishaji hayupo, na msomaji anatumwa kutafuta jarida ambalo halijawahi kuwapo. Dalili ni hiyo: kilichodaiwa kuwa jarida hakina juzuu wala toleo, kina kurasa tu.

Wengi hufuta ingizo hilo na kuanza upya. Nisingeshauri hivyo iwapo limeshatajwa kwenye tasnifu, kwa sababu Word hubaki na nakala ya taarifa za zamani, na ingizo jipya halitaunganishwa nayo. Afadhali ubadilishe aina yake papo hapo. Bofya ingizo, kisha kwenye safu ya taarifa upande wa kulia, mstari wa Item Type, ondoa Journal Article uchague Book Section. Jina lililokuwa mahali pa jarida litahamia lenyewe mahali pa jina la kitabu, na kurasa zitabaki. Vitu visivyo na nafasi kwenye sura ya kitabu, kama ISSN au namba ya toleo, vitapotea. Zotero huvitaja kwanza na kukuuliza kama uendelee. Usikubali kabla ya kusoma. Kama kuna unachokihitaji, kinakili kwanza kwenye Extra.

Kubadili aina hakukamilishi kazi, kwani programu haiwezi kubuni isichopewa. Ongeza mchapishaji na mahali pa uchapishaji. Kisha ongeza Hobsbawm na Ranger, na kwa kila mmoja bofya neno Author uligeuze kuwa Editor. Ndiyo, Ranger ataandikwa mara mbili: mwandishi wa sura, mhariri wa kitabu.

Aina isiyo sahihi huficha pia nakala rudufu. Kama sura hiyohiyo umeihifadhi mara mbili kwa aina tofauti, Zotero itakataa kuziunganisha mpaka aina zifanane.

Mwisho rudi Word, ubonyeze Refresh. Kama uliwahi kulirekebisha kwa mkono rejeo lililo ndani ya maandishi ya waraka, utaulizwa kama libaki ulivyoliandika. Ukikubali, marekebisho yote uliyofanya Zotero hayataonekana hapo.