Kijana Parker kwenye Karatasi ya Mtihani
Mwaka 1884, jahazi la Kiingereza Mignonette lilizama. Wanne walibaki kwenye kimashua bila chakula. Dudley na Stephens wakamuua kijana Parker, aliyekuwa mahututi, na nyama yake ikawaokoa watatu. Je, walitenda haki?

Andika msimamo wako kwanza. Kisha mpe mfuasi wa Mill hoja yake kamili: watatu wamepona, naye Parker pengine angekufa tu. Lakini ahesabu pia hofu ya kila baharia mnyonge atakayesafiri kesho. Wengi husahau hapo, wakadhani hesabu ya manufaa huunga mkono mauaji daima. Kant hahesabu: Parker hakuridhia, akafanywa chombo cha wengine.

Sasa jibu pingamizi gumu: je, wangepiga kura kwa hiari? Ukiikubali kura, kosa lilikuwa kukosa ridhaa. Ukiikataa, kosa ni kuua kwenyewe.