Nusu Ekari ya Juu: Barua kwa Wazazi Wangu Tukuyu



Mama aliniuliza kwenye simu lile shamba la mahindi la juu tulifanyie nini ili liingize hela zaidi. Migomba na chai viacheni kama vilivyo. Huku Dar es Salaam kazi yangu ni kukagua matunda, kwa hiyo nawaandikia mambo matatu ninayoyajua, na yote yanaweza kukaa kwenye nusu ekari hiyo hiyo.

La kwanza ni parachichi aina ya Hass, miche ya kubebesha, ambayo huanza kuzaa mwaka wa 3 hivi. Kabla ya kununua hata mche mmoja, naomba Baba uchimbe shimo la sentimita 60 kwenda chini. Lijaze maji, yakiisha lijaze tena jioni. Ukikuta maji bado yamesimama asubuhi, hapo pasipandwe. Mvua ya Rungwe ni nyingi, na mizizi ya parachichi ikikaa kwenye maji huoza: majani yanakuwa madogo na ya manjano, matawi yanakauka kuanzia juu, na hakuna dawa rahisi ya kuurudisha mti. Ndiyo maana nimechagua juu mtelemkoni, si kule bondeni. Sehemu iliyolimwa viazi mviringo karibuni nayo iacheni, kwa sababu kuna ukungu wa mnyauko unaoshambulia viazi na parachichi pia, nao hukaa udongoni miaka mingi.

Tukiacha mita 7 kila upande, nusu ekari inachukua miche 40. Nashauri 36 iwe Hass na 4 iwe Fuerte, iliyotawanywa katikati ya mingine. Ua la Hass hufunguka mara mbili: siku ya kwanza asubuhi likiwa jike, kisha kesho yake mchana likiwa dume. La Fuerte hufanya kinyume, kwa hiyo asubuhi Hass inapohitaji chavua, Fuerte inayo. Wakati wa kupanda mvua za Novemba zikianza, changanyeni udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri, na pale mche ulipobebeshwa pabaki juu ya ardhi.

Miti hii itaishi miaka mingi kuliko sisi wote, kwa hiyo kaka zangu waitwe na wakubaliane kwanza. Mti wa kudumu kwenye ardhi ya ukoo huzua maneno baadaye.

La pili ni maharage, yatakayotulisha na kutupa hela kidogo tukisubiri matunda. Pandeni yale mafupi yasiyotambaa, maana yanayotambaa yatauzungukia mche na kuupinda. Acheni mita 1 kuzunguka kila mche bila kulima. Mizizi ya parachichi hulala karibu na uso wa ardhi, na jembe linaikata. Mkishavuna, makapi yarudisheni shambani kama matandazo, lakini yasiguse shina. Kivuli kikianza kukutana, maharage basi.

La tatu ni nyuki. Tuanze na mizinga 3 ya kisasa ile yenye viunzi juu, ining'inizwe kwa waya uliopakwa grisi ili siafu wasipande, pembeni mwa shamba na mbali na njia wanayopita watoto. Fundi aambiwe kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Kikizidi, nyuki huunganisha masega na huwezi kutoa moja bila kuvunja mengine. Vuneni sega ambalo sehemu kubwa imefunikwa kwa nta, kwani asali isiyofunikwa ina maji mengi na itachacha kwenye ndoo. Asali haitakuwa nyingi kwenye ubaridi wetu, lakini nyuki hao ndio watakaobeba chavua ya Fuerte kuipeleka kwenye Hass. Kwa sababu hiyo, miti ikiwa kwenye maua bomba la dawa likae ndani.

Jambo linaloniumiza kazini ni matunda mazuri yanayotupwa kwa sababu yalichumwa machanga. Dalali atakuja mapema akitaka kununua mti mzima. Msimkubalie kabla ya kupima. Chumeni matunda 3 kutoka miti tofauti, myaweke ndani. Yakilainika baada ya wiki moja au siku 10 bila kusinyaa, yamekomaa. Yakinywea na kuwa kama mpira, bado. Pasueni na jingine: kokwa iliyokomaa ina ngozi nyembamba ya kahawia, changa ina ngozi nene nyeupe. Siku ya kuchuma, matunda yakatwe kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi. Mti usitikiswe, kwa sababu tunda lililoanguka huoza kwa ndani hata kama nje linang'aa.

Miche msinunue sokoni kwa mtu msiyemjua. Nitakuja Oktoba, twende pamoja kitaluni tukaichague.

Binti yenu