Jina na mwaka, au namba?

Theodore Levitt aliandika makala maarufu ya masoko mwaka 1960, na nyingine mwaka 1983. Katika mtindo wa APA, kazi ya mwanafunzi huonyesha (Levitt, 1960) ndani ya sentensi, hivyo msomaji huona papo hapo umri wa hoja. Orodha hufuata alfabeti, na ya 1960 hutangulia ya 1983.

Katika mtindo wa Vancouver huwekwa namba tu, kwa mpangilio wa kutajwa: ikianza ya 1983, hiyo ndiyo 1, hata ikirudiwa. Chanzo kipya kikiingizwa katikati, namba zinazofuata husogea. Hapo ndipo makosa huzaliwa. Kabla ya kukusanya kazi, kila rejeo lilinganishwe na orodha.