Shamba Ndani ya Karatasi: Kusoma Skeli Hadi Hekta

Anayetaka kununua shamba Kenya hupewa vitu viwili vya kutazama: hatimiliki, yenye ukubwa wa takriban kwa hekta, na nakala ya ramani ya mashamba ya eneo hilo, yenye namba ya kila kiwanja. Wengi huamini karatasi ya kwanza na kuikunja ya pili bila kuisoma. Ningeshauri ianze ya pili, kwa sababu ukiwa na rula tu unaweza kujua kama hekta zilizoandikwa zinalingana na umbo lililochorwa.

Ramani nyingi za namna hii zina skeli ya 1:2,500. Maana yake ni kwamba urefu wowote kwenye karatasi ni mara 2,500 ardhini, kwa kipimo kile kile. Sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 2,500 za ardhi, yaani mita 25. Tuchukue shamba la mstatili ambalo rula inasema lina sentimita 6.4 kwa 5. Upande mrefu ni 6.4 × 25, mita 160. Upande mfupi ni 5 × 25, mita 125. Zidisha mita kwa mita upate mita za mraba 20,000. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo shamba ni hekta 2, ambazo ni karibu ekari 5 (hekta 1 ni ekari 2.47).

Hapo ndipo watu hupotea. Mtu huzidisha kwanza kwenye karatasi, apate sentimita za mraba 32, kisha azidishe kwa 25 na kusema shamba ni mita za mraba 800. Amepunguza shamba mara 25 nzima. Eneo lina pande mbili, na kila upande hukuzwa kwa skeli yake. Sentimita moja ya mraba hapa ni mita 25 kwa mita 25, yaani mita za mraba 625. Njia rahisi ya kukumbuka: kwenye 1:2,500, sentimita za mraba 16 ni hekta moja. Gawanya 32 kwa 16, na jibu ni lile lile, 2.

Shamba lisilo mstatili ligawe pembetatu. Kila moja ni nusu ya kitako mara kimo, kimo kikipimwa wima kutoka kwenye kitako. Mpaka ukifuata mto unaopinda, nakili umbo kwenye karatasi angavu, liweke juu ya karatasi ya miraba, uhesabu miraba kamili kisha uunganishe vipande vya pembeni.

Sasa jambo linalonisumbua zaidi: mashine ya fotokopi. Ikipunguza karatasi kidogo, namba 1:2,500 hubaki imeandikwa vile vile, lakini si kweli tena. Tafuta mstari wa skeli au vialama vya gridi. Mita 100 zinapaswa kuwa sentimita 4. Ukipata 3.8, karatasi imepungua kwa asilimia 5. Shamba letu sasa litapimika sentimita 6.08 kwa 4.75, na hesabu itatoa hekta 1.805. Hitilafu ya asilimia 5 kwenye urefu imekuwa karibu asilimia 10 kwenye eneo, na takriban nusu ekari imetoweka pasipo mtu kuiba. Tiba yake ni kupima kwa mstari wa skeli wenyewe, kwa kuwa umepungua pamoja na ramani: hapa sentimita 3.8 ni mita 100, kwa hiyo 6.08 ni mita 160, kama awali. Nakala isiyo na mstari wala gridi haifai kwa hesabu ya eneo, isipokuwa uwe na upande mmoja uliopimwa ardhini kwa tepu.

Tepu nayo ina lake. Ramani huonyesha umbali wa tambarare. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 100 za ramani ni kama mita 106 kwa tepu iliyolazwa kwenye udongo, na mkulima wa milimani asidhani amezidishiwa.

Ramani ya 1:50,000 nayo ni ya barabara na misitu, si ya mashamba. Shamba letu lingekuwa milimita 3.2 kwa 2.5, na rula ikikosea nusu milimita kwenye upande mfupi, eneo linabadilika kwa asilimia 20. Kwenye 1:2,500, kosa lile lile ni asilimia 1.

Hata ukipima vizuri, kumbuka kwamba kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, mpaka unaoonyeshwa ni wa takriban, isipokuwa umewekwa rasmi kwa upimaji. Tofauti ndogo na hatimiliki inaweza kutoka hapo. Ukikuta hatimiliki inasema hekta 2 na ramani inakupa 1.3, usilipe kabla mpimaji aliyesajiliwa hajakanyaga mipaka.