Barua ya Mhasibu Anayeacha Kazi

Barua ya mhasibu ya kuacha kazi husomwa kwa jicho kali kuliko ya wafanyakazi wengine, kwa sababu mwandishi wake ndiye anayeshika vitabu, funguo za sefu na nywila za mifumo ya kodi. Mwajiri akiisoma hujiuliza kwanza kama hesabu ziko sawa. Barua nzuri humjibu kabla hajauliza.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe ya kutolewa. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28 baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, na mkataba unaweza kutaka zaidi. Haitolewi mtu akiwa likizoni. Anayegoma kufanya kazi katika siku hizo anaweza kukatwa mshahara wake wa kipindi hicho kwenye malipo ya mwisho. Mwenye mkataba wa muda maalumu asome kwanza masharti yake, maana huenda hauvunjwi kwa notisi tu.

Tuchukue mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi aliyepata nafasi ya juu zaidi kwingine. Barua yake ni ya tarehe 2 Septemba, na siku 28 zikianza kuhesabiwa kesho yake zinaisha tarehe 30. Anaandika: “Ninatoa notisi ya kuacha kazi kwa kuwa nimepata nafasi nyingine inayonipanulia majukumu. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa 30 Septemba.” Sababu imetajwa na inatosha. Jina la mwajiri mpya na mshahara wake si vya barua hii, na malalamiko ya zamani yakiingizwa humo hubaki kwenye faili miaka mingi.

Aya inayofuata ndiyo yenye uzito: “Kodi ya mishahara ya Agosti itawasilishwa kufikia tarehe 7, na ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani kufikia tarehe 20. Usuluhisho wa benki wa Agosti nitaukamilisha kabla ya makabidhiano.” Hapo mwajiri anajua deni la kazi liko wapi, na anajua pia kuwa kufunga hesabu za Septemba kutamwangukia mrithi.

Makabidhiano yenyewe huandikwa katika hati ya pekee: masurufu yaliyohesabiwa mbele ya shahidi, hundi zisizotumika kwa namba zake, funguo, na orodha ya wadai na wadaiwa. Pande zote mbili hutia saini, na mhasibu hubaki na nakala. Asipokuwa nayo, upungufu ukigunduliwa mwezi Novemba atashindwa kuonyesha kwamba aliacha sefu imetimia. Mtia saini wa benki aombe pia kwa maandishi jina lake liondolewe, kwani kuondoka ofisini hakumwondoi benki.

Kabla ya kuaga, adai cheti cha utumishi. Sheria inamlazimu mwajiri kukitoa.