Mzizi Ukijirudia, Vekta ya Pili Iko Wapi?

Fundi wa magari hahitaji mashine ili ajue kama shokapu imekufa. Anaweka viganja viwili kwenye kona ya boneti, anaisukuma chini kwa uzito wa mwili mzima, anaachia ghafla, kisha anatazama. Gari likipanda na kushuka mara tatu nne kabla ya kutulia, anatikisa kichwa: "Hizi zimekwisha, bosi." Likirudi juu na kutulia hapo hapo, shokapu bado nzima.

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza chuoni hukwama kwenye hesabu iliyojificha ndani ya jaribio hilo, nami naamini hukwama kwa sababu huonyeshwa namba tupu bila kuonyeshwa gari.

Gari lililosukumwa lina mambo mawili ya kufuatilia kila dakika: liko umbali gani kutoka mahali pake pa kutulia, na linakwenda kwa kasi gani. Springi hulivuta lirudi, na kadiri lilivyo mbali ndivyo inavyovuta kwa nguvu. Shokapu haijali umbali. Yenyewe hupinga kasi. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukue uzito wa gari kuwa 1, ugumu wa springi kuwa 1, na nguvu ya shokapu kuwa 2. Matriki ya mfumo huo ni hii:

```
A =  0   1
    -1  -2
```

Mstari wa juu unasema kwamba umbali hubadilika kwa kufuata kasi. Mstari wa chini unasema kwamba kasi hubadilishwa na springi (ile -1) na shokapu (ile -2). Ukizidisha A kwa jozi ya umbali na kasi, unapata jinsi kila kimoja kinavyobadilika wakati huo.

Kwa kawaida kuzidisha huko huigeuza jozi ielekee upande mwingine. Lakini zipo jozi ambazo hazigeuki. Hurefuka au hufupika tu, au huelekea kinyume kwenye mstari ule ule. Hizo ndizo vekta aigeni, na namba inayozizidisha, tuiite λ, ni thamani aigeni. Neno lenyewe ni la Kijerumani, lenye maana ya "-a mwenyewe", na David Hilbert alilitumia kwenye maandishi yake ya mwaka 1904.

Kuipata λ ni kazi fupi. Tunaitoa kwenye kila namba ya ulalo mkuu, kisha tunadai determinanti iwe sifuri, kwa sababu bila hivyo jozi pekee inayokubalika ni ya sifuri na sifuri, yaani gari limesimama tu. Kwa matriki yetu:

```
(0 - λ)(-2 - λ) - (1)(-1) = λ² + 2λ + 1 = (λ + 1)²
```

Hiyo ndiyo polinomia bainifu. Mizizi yake ni -1 na tena -1. Kuihakiki ni rahisi: jumla ya mizizi lazima ilingane na jumla ya ulalo mkuu, na hapa zote mbili ni -2.

Mizizi hiyo haikukutana kwa bahati. Shokapu ikichoka mpaka 0.5, polinomia inakuwa λ² + 0.5λ + 1, ambayo haina mzizi halisi hata mmoja, na ishara yake kwenye gari ni kule kupanda na kushuka alikokuona fundi. Shokapu ikikazwa mpaka 2.5, mizizi ni -0.5 na -2. Gari halirukiruki, ila lile -0.5 linalichelewesha kutulia. Mpaka wa hali hizo mbili ni 2 kamili, na hapo ndipo mizizi hugongana. Magari mengi hutengenezwa chini ya mpaka huo ili abiria wasitikiswe na kila shimo.

Sasa tutafute vekta. Tukiweka λ = -1, ulalo mkuu unaongezewa 1, tunabaki na:

```
 1   1
-1  -1
```

Mstari wa chini ni ule wa juu uliogeuzwa alama. Kwa hiyo tuna sharti moja tu: umbali ukijumlishwa na kasi, jibu liwe sifuri. Jozi (1, -1) inatosha. Na ya pili? Hapa wengi huandika (2, -2) wakadhani wamemaliza, kumbe ni ile ile iliyorefushwa. Mizizi ni miwili, mwelekeo ni mmoja.

Hata hivyo mzizi kujirudia peke yake hakuleti upungufu huu. Chukua matriki ya 3 kwa 3 yenye 2 kwenye ulalo mkuu na 1 kila mahali pengine. Polinomia yake ni (λ - 1)²(λ - 4). Ukitoa 1 kwenye ulalo, mistari yote mitatu inakuwa 1, 1, 1, na sharti linalobaki ni kwamba namba tatu zijumlishwe zipate sifuri. Mbili kati yake unazichagua upendavyo, kwa hiyo unapata (1, -1, 0) na (1, 0, -1), vekta mbili za kweli. Kinachoamua ni idadi ya masharti yanayobaki baada ya kuondoa mistari inayojirudia: toa idadi hiyo kwenye idadi ya namba zisizojulikana, utapata idadi ya vekta. Matriki yenye namba halisi, ambayo upande mmoja wa ulalo ni kioo cha upande wa pili, haipungukiwi kamwe. Ya gari letu si ya namna hiyo: upande mmoja 1, upande mwingine -1.

Dawa ya upungufu iliwekwa kwenye mpango kamili na Mfaransa Camille Jordan mwaka 1870. Badala ya kutafuta jozi inayozidishwa na matriki iliyobaki ikatoa sifuri, tunatafuta inayotoa ile vekta tuliyokwisha kuipata, (1, -1). Sharti sasa ni umbali ukijumlishwa na kasi upate 1, na jozi (1, 0) inatimiza. Itazame vizuri: umbali 1, kasi sifuri. Ni gari lililosukumwa chini, likashikiliwa, na sasa linaachiwa! Vekta iliyokosekana ndiyo jaribio lenyewe la fundi.

Njia ya gari kuanzia hapo ni umbali = (1 + t)e⁻ᵗ, ambapo t ni muda na e ni ile namba ya 2.718. Hiyo t iliyoko kwenye mabano ni alama ya vekta iliyopungua. Muda ukifika 4, umbali uliobaki ni 0.0916, mara tano ya ule ambao ungebaki kama gari lingeanza kwenye mwelekeo wa (1, -1).

Tatizo kubwa la mizizi pacha ni kwamba haivumilii kosa. Punguza ugumu wa springi kutoka 1 hadi 0.9999 tu, na mizizi inaachana: -0.99 na -1.01. Kosa la sehemu moja kwa elfu kumi limehamisha jibu kwa sehemu moja kwa mia. Ndiyo maana kompyuta, ambayo hukadiria namba kwenye tarakimu ya 16 hivi, inaweza kubaki na tarakimu 8 tu za kuaminika kwenye mzizi wa aina hii.

Dalili ya kwanza ni vekta zenyewe. Sasa zipo mbili, (1, -0.99) na (1, -1.01), lakini zimelaliana karibu kabisa. Ili kuunda (1, 0) kutokana nazo, unachukua ya kwanza mara 50.5 na kutoa ya pili mara 49.5, namba kubwa mbili zinazokaribia kufutana. Ukiona jambo hilo kwenye karatasi yako, shuku kwamba kuna mizizi iliyogongana jirani. Fundi hawezi kulihisi: endeleza hesabu hiyo mpaka muda wa 4, na umbali uliobaki ni ule ule 0.0916.