Mradi umeisha: namna ya kuandika rapoti ya mafunzo bila kutafuta mkosaji

Mradi ukifungwa, mara nyingi kunabaki mkutano mmoja wa mwisho. Hapa Luena, kama kwingine, mkutano huo unaweza kugeuka baraza la kesi: nani alichelewesha vipuri, nani alishika kesi ya komite, nani hakuja kazini. Watu wanajitetea, wengine wananyamaza, na rapoti inatoka na maneno matamu tu. Mradi unaofuata unaanza na makosa yale yale.

Rapoti nzuri ya mafunzo inatenga mambo matatu: nini kilitokea, kwa nini kilitokea, na nini kibadilike. Ugumu ni kwamba mdomoni yanatoka pamoja. Mtu akisema "fundi alizembea, pompi ikaharibika, tutafute mwingine", ameshasema yote matatu kwa pumzi moja, na hakuna hata moja lililochunguzwa.

Nini kilitokea

Sehemu hii ni tarehe, hesabu na vitendo tu. Andika mistari miwili kwa kila jambo: ilivyopangwa, na ilivyokuwa. Kipimo ni rahisi: je, watu wawili waliogombana wanaweza wote kuukubali mstari huo? "Pompi ilisimama mwezi wa nane, ikatengenezwa mwezi wa kumi" unakubalika. "Pompi ilitelekezwa" haukubaliki, kwa sababu ndani yake tayari kuna hukumu. Maneno kama "uzembe", "ukaidi" na "bahati mbaya" hayana nafasi hapa.

Ni vizuri kukusanya habari hizi kabla ya mkutano, kwa kuongea na kila mtu peke yake: mama anayechota maji, mlinzi, mshika kesi, fundi. Mbele ya mkubwa wa mradi, mdogo hasemi yote. Ndiyo maana pia anayeongoza mkutano asiwe yule aliyeongoza mradi. Na ifanyike katika wiki za kwanza baada ya kufunga, kabla watu hawajatawanyika Kamina, Likasi na Lubumbashi.

Kwa nini

Hapa ndipo rapoti nyingi zinaanguka, na mfano mkubwa tunao katika inchi yetu wenyewe: Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 na ikatangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa.

Tuchukue kipande kimoja tu. Usiku wa tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2019, kituo cha matibabu cha Médecins Sans Frontières kule Katwa kilishambuliwa na kuchomwa moto. Siku tatu baadaye, kile cha Butembo kikashambuliwa pia, na shirika hilo likasimamisha kazi yake katika vituo hivyo viwili. Hayo ndiyo yaliyotokea.

Kwa nini? Jibu la haraka lilikuwa kwamba wakaaji hawaelewi, wanakataa. Jibu hilo linataja mkosaji na kufunga mlango. Lakini ukiuliza tena, "walikuwa wanaona nini?", mambo mengine yanatoka. Mwisho wa mwaka 2018, Beni na Butembo waliambiwa hawatapiga kura pamoja na inchi nzima, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Kwa hiyo ugonjwa na siasa vikashikana vichwani mwa watu. Walikuwa wanaona magari mengi na pesa nyingi kwa ugonjwa mmoja, wakati kwa miaka mingi walikuwa wanauawa na vikundi vya silaha na kufa kwa malaria bila msaada kama huo. Na walikuwa wanaona timu za afya pamoja na watu wenye bunduki. Mwezi wa 3 mwaka 2019, prezida wa Médecins Sans Frontières, Joanne Liu, alisema wazi kwamba kazi ya kupambana na Ebola ilikuwa haipati imani ya wakaaji, na kwamba kutumia nguvu kunawafanya wagonjwa wajifiche.

Angalia tofauti. Sababu ikiwa "wakaaji wakaidi", hakuna la kufanya ila kuwalaumu. Sababu ikiwa "mgonjwa anaingia mahali ambapo familia haioni kinachoendelea, na mlangoni kuna bunduki", hapo kuna kitu cha kubadilisha.

Kwa sehemu hii uliza swali hili: kama mtu mwingine angekuwa pale, na habari zile zile na vyombo vile vile, angefanya tofauti? Kama jibu ni hapana, basi sababu haiko kwa mtu. Iko katika mpango, pesa, vyombo au namna habari zilivyopita. Ndani ya rapoti andika kazi badala ya jina: "mshika kesi", si jina lake.

Nini kibadilike

Kila badiliko lishikwe na sababu moja iliyoandikwa juu yake. Kule Beni, shirika la ALIMA lilikuwa linatumia vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, familia ikiweza kumwona mgonjwa wake na kuongea naye. Badiliko hilo linagusa sababu moja kwa moja: hofu ya kile kisichoonekana. Kusema "tuongeze uhamasishaji" hakugusi kitu, kwa sababu hakuonyeshi nani atafanya nini.

Turudi kwenye pompi ya mkono. Tuseme komite ya kartie imeona hivi: maji yalianza kutoka na rangi ya kutu, mabomba yakatoboka, pompi ikasimama miezi miwili. Watu wanasema fundi. Lakini ukifuata kwa nini, unakuta mabomba ni ya chuma yenye zinki, na maji ya hapo ni makali: kipimo cha pH kiko chini ya 6.5, na maji ya namna hiyo yanakula zinki halafu chuma. Hakuna aliyepima kabla ya kununua. Tena kesi haikuwa na pesa ya mabomba mapya, kwa sababu bei ya bidoni ilipangwa kwa malipo ya mlinzi tu.

Hapo mabadiliko yanajiandika yenyewe. Msimamizi wa kuchimba apime pH kabla ya kuagiza mabomba. Ikiwa chini ya 6.5, anunue ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Komite ihesabu bei ya bidoni upya, vipuri vikiwa ndani. Kila mstari uwe na kazi ya atakayefanya, tarehe, na alama ya kujua kama kimefanyika: karatasi ya kipimo, daftari la kesi. Mabadiliko matatu yenye wenyewe yanashinda ishirini yasiyo na mwenyewe.

Mpaka wake

Kutolaumu si kuficha wizi. Kama kwenye kuongea na watu pesa zinaonekana zimeliwa, jambo hilo linatoka katika rapoti hii na kupelekwa kwa wanaohusika na ukaguzi, kwa njia yake. Ukichanganya vyote viwili, kesho hakuna atakayekueleza kilichotokea.

Na rapoti isifungiwe kabatini. Isomwe siku ya kwanza ya mradi unaofuata, mstari kwa mstari, kabla ya kusaini bajeti.